Chombo kimegonga mashua na gati Mbita: bima ya bodi inalipa nini, klabu inalipa nini?

WuodUsenge aliandika:

Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie kabla sijarudi kwa dalali wangu wa bima siku ya Jumatatu.

Nina vyombo viwili vya chuma vya kubeba mizigo, vyote vinatoka Kisumu. Hiki kikubwa kina mita 18. Wiki tatu zilizopita kilikuwa kinaingia Mbita na saruji. Karibu mita 60 kabla ya gati, hozi ya haidroliki ya usukani ikapasuka. Nahodha akarudisha injini nyuma lakini chombo kilikuwa kimeshajipinda. Kikagonga mashua ya mbao iliyokuwa imetia nanga na imebeba sukari, kisha omo ikaingia kwenye nguzo za gati. Baharia wangu mmoja alianguka na kuvunjika mguu. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Hesabu niliyo nayo leo ni hii. Kutengeneza omo na propela yangu ni 2,600,000. Mwenye mashua anadai 2,300,000 za matengenezo, 300,000 za siku alizokaa bila kazi, na 600,000 za sukari iliyolowa. Wenye gati wameleta 1,800,000. Hospitali ya baharia imefika 350,000. Hozi mpya ni 40,000. Na chombo kimelala wiki tatu bila kuingiza hata shilingi.

Nina hati mbili: ya bodi na mitambo kutoka kampuni ya bima ya hapa nchini, na ya klabu ambayo dalali alinipatia kwa malipo maalumu ya mwaka. Kila nikipiga simu, wa bodi ananiambia niulize klabu, wa klabu ananiambia niulize bodi. Ni nani anabeba nini?

---

Bandarini aliandika:

Pole sana ndugu, na pole kwa huyo kijana.

Usijichanganye. Fikiria gari. Bima ya bodi ni ile ya kulinda chombo chako mwenyewe, klabu ni thadi pati. Kwa hiyo 2,600,000 ni ya bodi, na kila kitu kingine ulichoharibu cha watu ni cha klabu. Mwambie dalali hivyo tu.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Bandarini, umepata nusu yake, na nusu uliyokosa ndiyo inayomfanya ndugu yetu azungushwe. Nimekagua ajali za vyombo Mombasa kwa miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Kisumu, na mfano huu wa gari umewapoteza wenye vyombo wengi.

WuodUsenge, chukua hati yako ya bodi utafute kifungu cha mgongano. Hati nyingi bado zinatumia masharti ya London ya 1 Oktoba 1983, au yaliyojengwa juu yake. Humo, bima ya bodi yenyewe inalipa robo tatu ya kile unachodaiwa na chombo kingine ulichokigonga. Robo inayobaki ndiyo ya klabu. Kwa hiyo thadi pati yako iko katika mikono miwili.

Asili yake ni hii. Mwaka 1836 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba bima ya kawaida ya meli hailipi kile ambacho mwenye meli anadaiwa na meli aliyoigonga. Ikabidi wenye bima waongeze kifungu, lakini wakakataa kubeba yote. Walitaka mwenye meli naye aumie kidogo ili aajiri manahodha makini. Wenye meli nao wakakaa pamoja wakaunda vyama vya kuchangiana, na chama cha kwanza cha namna hiyo kilianza 1855. Ile robo iliyokataliwa ni sehemu ya sababu klabu zilizaliwa.

Sasa soma kifungu chenyewe polepole, maana kila neno lina bei. Kinalipa hasara ya chombo kile kingine, mali iliyokuwa ndani yake, na muda ambao chombo hicho kimekosa kazi. Mashua, sukari na siku za mwenye mashua vyote vimo. Jumla ni 3,200,000. Robo tatu ni 2,400,000, hiyo ni ya bodi. Robo ni 800,000, hiyo ni ya klabu.

Gati halimo. Kifungu kinahusu chombo kugonga chombo. Nguzo, boya, gati, vyote vinahamia klabu vyote kamili. Majeraha ya mtu, hata angekuwa mtu wa mashua ile nyingine, hayamo pia, yanakwenda klabu.

Niambie ekses zako, yaani sehemu unayobeba mwenyewe kabla bima haijalipa, ni ngapi nikufanyie hesabu.

---

WuodUsenge aliandika:

Asante mzee. Bodi ni 500,000. Klabu ni 200,000 kwa kila ajali.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Sawa. Upande wa bodi: matengenezo yako 2,600,000, ongeza robo tatu ya mgongano 2,400,000, inakuwa 5,000,000. Ekses kwa masharti yale ya 1983 hukatwa mara moja kwa ajali moja, ikijumlisha na madai ya mgongano. Mtu akitaka kukukata 500,000 kwenye omo kisha 500,000 nyingine kwenye mashua, muulize ni kifungu gani. Unabaki na 4,500,000.

Upande wa klabu: robo ya mgongano 800,000, gati 1,800,000, baharia 350,000, jumla 2,950,000. Toa 200,000, ni 2,750,000. Hapo nachukulia kwamba kwenye gati wameleta gharama halali. Usikubali wajengewe gati jipya kwa nguzo zilizokuwa zimeshaoza.

Mfukoni mwako utatoa ekses zote mbili, yaani 700,000, na hozi, na zile wiki tatu. Hozi ilichakaa, na uchakavu haulipwi na bima yoyote ya bodi. Kinacholipwa ni uharibifu uliofuata. Wiki tatu za kazi yako mwenyewe hazimo katika bodi wala klabu. Kuna bima nyingine kabisa ya kipato cha chombo, inanunuliwa peke yake.

Jambo moja la haraka: hozi iliyopasuka iko wapi?

---

WuodUsenge aliandika:

Fundi alibaki nayo. Nadhani bado iko kwenye karakana.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Ifuate kesho asubuhi, uifunge kwenye mfuko, uandike tarehe. Savea wa bima ya bodi ataiuliza. Bodi hailipi ikiwa ajali imetokana na mwenye chombo kutojali, na hapo namaanisha wewe na msimamizi wako wa ofisini. Nahodha akikosea ni jambo jingine. Kosa lake linalipwa. Hozi iliyopasuka kutoka ndani huku ganda la nje likiwa zima inaeleza kisa kimoja. Hozi yenye nyufa ambazo kila mtu alikuwa anaziona kwa mwaka mzima inaeleza kisa kingine. Tafuta pia risiti ya mara ya mwisho ulipoibadilisha.

---

NyarAsembo aliandika:

Samahani kuingilia. Mimi ni mmoja wa wenye saruji. Sio chombo hiki, kingine, lakini kisa ni hichohicho: maji yaliingia mbele, mifuko 90 ikaganda. Mwenye chombo akaniambia ana bima ya bodi, nisubiri. Nimesubiri tangu Aprili. Kwa maelezo yenu nitalipwa robo tatu?

---

SaveaMstaafu aliandika:

Hapana dada yangu, na pole. Robo tatu ni kwa mzigo uliokuwa ndani ya chombo kilichogongwa. Mzigo wako ulikuwa ndani ya chombo chake mwenyewe, kwa hiyo bima yake ya bodi haikuhusu kabisa. Aliyekuambia usubiri bodi amekupotezea miezi.

Kama ana klabu, klabu inaweza kulipa kile ambacho yeye anadaiwa na wewe. Lakini ni lazima kwanza awe na deni kwako. Klabu hailindi mzigo. Inamlinda yeye dhidi ya deni lake. Angalia karatasi ya kupokelea mzigo aliyokupa, iliandika masharti gani. Na kwa safari zijazo, nunua bima ya mzigo wako mwenyewe. Hiyo hulipa bila kungoja ijulikane nani alikosea, kisha bima yako ndiyo inamfuata mwenye chombo.

---

NyarAsembo aliandika:

Karatasi yake ilikuwa risiti tu ya nauli. Nitamwandikia rasmi. Asante, Mzee.

---

Kizimba_Anyanga aliandika:

Mimi nafuga samaki kwenye vizimba upande wa Siaya. Chombo cha mizigo kikipita juu ya kizimba changu usiku, hiyo nayo ni mgongano wa robo tatu? Kizimba kinaelea, kina nanga.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Swali zuri. Kizimba si chombo cha kusafiri, hata kama kinaelea. Mimi ningeliweka pamoja na gati na boya, yaani klabu kamili. Kuna kesi ya Uingereza ya 1914: meli ilipita juu ya nyavu za mashua ya uvuvi zilizokuwa zimetandazwa mbali na mashua. Mahakama ikasema kugusa nyavu si kugongana na chombo, na bima ya kifungu cha mgongano haikuhusika. Kizimba kiko mbali zaidi na kuwa chombo kuliko nyavu zilizofungwa kwenye mashua.

Ndiyo maana mwenye chombo anayepita maeneo ya vizimba bila klabu anatembea na deni ambalo bodi haitaligusa.

---

Bandarini aliandika:

Nimekubali mzee, nimejifunza. Lakini nina swali kuhusu thamani. Mimi nina chombo ambacho nikiuza leo napata 24,000,000. Dalali alinishauri niandike 8,000,000 ili malipo ya mwaka yapungue. Aliniambia matengenezo madogo yatalipwa tu kamili. Na kweli mwaka juzi nilivunja shafti, nililipwa kamili, toa ekses. Kwa hiyo kwa nini niongeze?

---

SaveaMstaafu aliandika:

Hapa naomba kila mtu mwenye chombo asome mara mbili.

Dalali wako hakukudanganya kuhusu shafti. Kama hati inasema thamani iliyokubaliwa ni 8,000,000 na bima ni 8,000,000, uharibifu mdogo hulipwa kamili, haukatwi kwa kuwa chombo kina thamani zaidi sokoni. Ndiyo maana watu wanaona ni ujanja. Wengi huishia kuwaza kwamba hatari pekee ni chombo kuzama, na wanajiambia hakitazama.

Shimo liko kwenye mgongano. Kwa masharti ya 1983, robo tatu ya mgongano ina dari, na dari hiyo ni robo tatu ya thamani uliyoandika. Kwako ni 6,000,000.

Tuseme unagonga feri ya abiria, na deni la feri hiyo, matengenezo na muda wake, linafika 12,000,000. Robo tatu ni 9,000,000. Bodi inafika kwenye dari, inalipa 6,000,000, inasimama. Zimebaki 3,000,000 hapo. Unakwenda klabu na kusema, bodi imeishia hapa, malizieni.

Klabu nyingi hubeba mgongano unaozidi bima ya bodi. Lakini kanuni zao zinasema watahesabu kama vile ungeandika thamani halisi ya chombo. Wataangalia: ungeandika 24,000,000, dari yako ingekuwa 18,000,000, na bodi ingelipa 9,000,000 yote. Kwa hiyo wao wanalipa robo yao tu, 3,000,000. Zile 3,000,000 zilizoachwa na bodi ni zako, Bandarini. Ulizihifadhi kwa kulipa kidogo kila mwaka, na sasa zinadaiwa kwa siku moja.

Jambo la pili la thamani ndogo: matengenezo ya ajali kubwa yakizidi 8,000,000, hata kama chombo kilichotengenezwa kingekuwa na thamani ya 24,000,000, kimeandikwa kama kimepotea chote. Utapewa 8,000,000 tu, na wenye bima wanaweza kuyachukua mabaki.

---

Bandarini aliandika:

Mungu wangu. Nauliza dalali kesho.

---

Wakili_Milimani_KSM aliandika:

Mzee ameeleza vizuri. Niongeze kuhusu mabaki. Kenya ina mkataba unaobeba jina la mji wetu mkuu, Mkataba wa Nairobi wa kuondoa mabaki ya meli wa 2007, ulioanza kutumika 2015. Kwa hiyo chombo kikizama, mwenye bima anawajibika chini ya mkataba huo, mwenye madai anaweza kumfuata moja kwa moja. Nadhani bodi ndiyo inalipa kwa kuwa ni chombo kilichozama.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Wakili, shikamoo kwa sheria, lakini hapo naomba tutofautiane kwa mambo mawili. Mkataba ule ni wa bahari, eneo la uchumi la baharini, na lazima ya bima inaanzia meli za tani 300. Chombo cha mita 18 hapa ziwani hakijafika hapo.

Na upande wa malipo, bodi inalipa chombo kilichopotea. Haitoi hela ya kukiondoa mahali kilipozama. Hata ukigonga mashua ikazama, kifungu cha mgongano kimeitenga gharama ya kuondoa mabaki ya mashua hiyo. Yote mawili ni klabu, pale ambapo mamlaka inakulazimisha kisheria kuondoa. Nimeona mtu amelipwa chombo chake vizuri, akashangilia, kisha akaletewa amri ya kuondoa chuma kilichoziba njia ya kuingilia gati. Alikuwa hana klabu. Kukodi kreni na wazamiaji kulimmaliza zaidi ya ile ajali.

---

Wakili_Milimani_KSM aliandika:

Nimekuelewa kuhusu tani na eneo, uko sahihi. Nabaki na wajibu wa sheria za ndani tu basi.

Ila kuhusu baharia wa WuodUsenge sijaridhika. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Sasa kama anayo, klabu italipa 350,000 yote au itasema anza na ile? Nimewahi kusoma kanuni za klabu zinazosema hazilipi kile kinacholipwa na bima nyingine.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Hilo sitalitolea hukumu bila kuona hati zote mbili zimewekwa kando kwa kando. Nimeona klabu ikilipa kila kitu, nimeona ikilipa kilichozidi tu. WuodUsenge, una bima hiyo ya wafanyakazi?

---

WuodUsenge aliandika:

Ninayo, lakini nimeangalia sasa hivi, imeandika wafanyakazi wa ofisi na bohari. Mabaharia hawakutajwa. Hilo nitalipeleka kwa dalali kwa maandishi. Yule kijana siwezi kumwacha asubiri watu wabishane; hospitali nalipa mimi, kisha nitafuata.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Umefanya vizuri, na kwa klabu hilo linakusaidia. Kanuni yao ya zamani ni kwamba unalipa kwanza, kisha wao wanakurudishia. Weka kila risiti. Lakini usilipe wenye gati wala mwenye mashua, na usiwaandikie kwamba umekosea, kabla bima zote mbili hazijakubali kiasi. Ukikubali 3,200,000 peke yako, wanaweza kukwambia hiyo ilikuwa hiari yako. Mwenye mashua akitishia kukishikilia chombo mahakamani, iombe klabu barua ya dhamana. Mara nyingi hiyo inatosha kumtuliza.

Tuma taarifa kwa maandishi kwa wote wawili siku moja, uombe savea wa bodi na wa klabu waje pamoja. Wakija tofauti kila mmoja ataandika kwamba uharibifu mkubwa ni wa mwenzake.

---

WuodMfangano aliandika:

Mwenye uzi ana vyombo viwili. Je, kama kingegonga kile chake kingine? Huwezi kujishtaki mwenyewe.

---

SaveaMstaafu aliandika:

Ni kweli huwezi, na ndiyo maana masharti yale yana kifungu cha vyombo ndugu: vinahesabiwa kama vya wamiliki wawili tofauti, na mwamuzi mmoja anakubaliwa kugawa kosa. Si jambo la kufikirika. Mwaka 2005 hapa ziwani MV Kaawa na MV Kabalega ziligongana, zote mbili za shirika la reli la Uganda, na Kabalega ikazama. Angalia kama kifungu hicho kimebaki kwenye hati yako. Nyingine za bei rahisi zimekiondoa.

---

WuodUsenge aliandika:

Nimetoka kwa dalali sasa hivi, narudi na habari.

Hozi niliipata. Imepasuka kwa ndani, ganda la nje zima, na risiti ya kuibadilisha ni ya miezi kumi na nne iliyopita. Savea wa bodi na wa klabu wanakuja pamoja Alhamisi, Mbita.

Kifungu cha mgongano ni robo tatu kama mzee alivyosema, na ekses ni mara moja. Dalali mwenyewe alikuwa amenihesabia mara mbili. Thamani yangu imeandikwa 22,000,000 na soko ni karibu hapo, kwa hiyo kwenye dari niko salama. Vyombo ndugu kimo kwa chombo kikubwa, kwenye hati ya kile kidogo hakimo, tunaomba kiongezwe.

Kuhusu baharia, klabu imesema itajibu baada ya kuona ile hati ya wafanyakazi. Bima ya wafanyakazi imesema itajibu baada ya kuona ya klabu. Nimepeleka zote mbili kwa wote wawili leo saa kumi.

---

Bandarini aliandika:

Mimi nimeomba thamani ipandishwe hadi 24,000,000. Malipo yameongezeka, nimekubali. Dalali alisema wateja wake wengi wa hapa wameandika kama mimi nilivyokuwa.

---

Wakili_Milimani_KSM aliandika:

WuodUsenge, hiyo barua ya klabu kuhusu baharia ikija, naomba uiweke hapa bila jina la kijana. Nataka kuona wanasimama wapi.